Nimezidisha chenji kwenye banda la chipsi, nimwambieje mwenzangu?

Wakuu, naombeni ushauri. Mimi na rafiki yangu tuna banda la chipsi, faida tunagawana nusu kwa nusu. Juzi usiku, foleni imejaa, mteja wa chipsi mayai ya 3,000 alinipa noti iliyokunjwa mara nne. Nikaibana chini ya trei ya mayai, nikamrudishia 7,000. Wakati wa kufunga naikunjua, kumbe ni ya 5,000. Mteja simjui.

Nilinyamaza, na hapo ndipo nilipoharibu zaidi. Asubuhi mwenzangu alihesabu mayai yaliyotumika, akalinganisha na mauzo, 5,000 haionekani. Akaanza kumwangalia vibaya kijana anayetumenyea viazi.

Nimepanga kumwambia hivi: "Ile 5,000 ni mimi. Nilitoa chenji ya 10,000 kwa noti ya 5,000, na nilipaswa kukwambia usiku uleule. Dogo hahusiki." Basi, sitaki hotuba ya kujitetea.

Ninapokwama: niilipe yote kwenye mgao wangu wa Jumapili, au ni hasara ya biashara, kila mtu 2,500? Na niseme dogo akiwepo? Naona anastahili kusikia.