Nimepata kazi Paje, niandike vipi shukrani bila kuonekana najisifu?

BintiWete: Asalaam alaykum. Alhamdulillah nimepata kazi ya uhasibu hoteli moja Paje, mkataba nshasaini, naanza tarehe 1. Nataka niposti LinkedIn na Fesibuku niwashukuru walonisaidia ila kila nikisoma nilichoandika naona haya mwenyewe: "Baada ya juhudi kubwa ndoto imetimia, waombaji kibao nikachaguliwa mimi. Shukrani kwa wote." Dadangu kacheka, kasema hao wote ndo nani?

Mkoani_Boy: Usiposti kitu dada, hasadi ipo. Kama lazima basi usitaje mtu yeyote.

Shangazi_Michenzani: Hasadi sawa, mshahara usiutaje. Ila shukrani isiyo na mtu ni tangazo tu mwanangu. Hapo "waombaji kibao" ndo panapochoma, kwa sababu walokosa nao wanakusoma. Nani kakusaidia, na kafanya nini hasa?

BintiWete: Bosi wangu wa zamani kanambia nafasi ipo. Intavyu ya mwanzo ilikuwa onlaini, laptopu yangu mbovu, jirani kanipa yake na akatoka na wanawe barazani saa nzima nyumba iwe kimya. Ya pili Paje kwenyewe, mjomba kalipa boti.

Shangazi_Michenzani: Si ndo posti hiyo! Anza na habari kwanza maana LinkedIn inakata maneno mpaka mtu abonyeze, kisha watu: "Alhamdulillah, tarehe 1 naanza kazi ya uhasibu hotelini Paje. Siku ya intavyu jirani yangu alinipa laptopu yake, akakaa nje na wanawe saa nzima nipate utulivu. Mjomba akanilipia boti. Nafasi yenyewe nilitajiwa na bosi wangu wa zamani." Basi. Na ukiongeza kazi kwenye profaili zima kile kitufe cha Notify network, la sivyo watu watakupongeza kabla hujawashukuru hao.

DerevaBububu: Hongera, hapo hotelini hawatafuti dereva? Leseni ninayo.

Kaka_Chwaka: Huyo bosi muulize kwanza kabla hujamtagi. Mie nilimtagi rafiki yangu, ofisini kwao wakamuuliza kwa nini anawatafutia watu kazi kwengine, mpaka leo tunasalimiana kwa mbali. Na ungengoja umalize miezi ya matazamio, ukiachishwa posti yako ipo palepale.

Shangazi_Michenzani: Kumuuliza kweli. Kungoja sikubali, shukrani ya miezi mitatu nyuma inakuwa baridi.

Kaka_Chwaka: Afadhali baridi kuliko kuifuta.

BintiWete: Bosi kajibu, kasema nitaje "bosi wa zamani" tu nisimtagi. Jirani karuhusu jina, ila wanawe wanataka na wao watajwe 😂 Mjomba hana hata Fesibuku, nimempigia nikamsomea yote, kanyamaza kidogo kisha kauliza: chumba Paje ushapata?