Tangazo la kazi lilitafsiriwa kwa Kiingereza, nami nina pengo la miezi 20: nijibuje kwenye usaili?

Dada wa Kondele
Nimeitwa kwenye usaili wa kazi ya mtunza stoo hapa Kisumu, Alhamisi ijayo. Tangazo lilikuwa la Kiswahili, lakini kwa kuwa usaili utafanywa kwa Kiingereza, nililipeleka saiba likatafsiriwa ili nijiandae. Tafsiri inasema wanahitaji miaka mitatu ya uzoefu isiyokatika. Nilifanya kazi hiyo kuanzia Januari 2019 hadi Julai 2022, kisha nikakaa nyumbani hadi Machi 2024 nikimuuguza mama aliyepatwa na kiharusi. Je, pengo hilo limeshaniondoa?

Kijana wa Langas
Andika miaka peke yake bila miezi, yaani 2019 hadi 2022, kisha 2024. Pengo litaonekana dogo, nao hawataliuliza.

Mzee wa Njoro
Kuandika miaka peke yake si kosa, lakini hakumsaidii mtu anapoulizwa ana kwa ana alitoka mwezi gani. Akisogeza tarehe, taarifa yake ya michango ya NSSF itaonyesha mwezi ambao mwajiri alikatiza malipo, na mdhamini akipigiwa simu atataja mwezi uleule. Nimeketi upande wa wanaouliza kwa miaka kadhaa, na nimeona watu wakikosa kazi kwa sababu ya miezi miwili waliyojiongezea, wala si kwa sababu ya pengo lenyewe. Dada, hebu tuandikie sentensi ya Kiswahili jinsi ilivyo.

Dada wa Kondele
“Awe na uzoefu wa miaka mitatu isiyopungua.”

Mzee wa Njoro
Basi kosa ni la mtafsiri. Isiyopungua ni kiwango cha chini tu. Haisemi miaka hiyo ifuatane. Wewe una mitatu na miezi saba, kwa hiyo nenda na tangazo la asili mkononi.

Watakuuliza kwa nini uliacha kazi, kisha, hata wasipotamka wazi, watataka kujua kama utaondoka tena. Swali la pili ndilo zito. Jibu la kwanza lisizidi sentensi mbili: uliacha kazi Julai 2022 kumuuguza mzazi, ukawa huru Machi 2024. Halafu eleza nani anakaa naye sasa, maana hapo ndipo wasiwasi wao ulipo. Yaseme kwa Kiingereza kwa sauti nyumbani, kwa kuwa jibu la kweli likisemwa kwa kusitasita husikika kama la kubuni.

Mama Wawili
Mimi nilifutwa kazi Nakuru, na nilipojieleza sana walinitilia shaka. Usikubali kwamba ulifukuzwa, dada.

Dada wa Kondele
Sikufukuzwa, mama, niliandika barua mwenyewe na nakala ninayo. Mdogo wangu ndiye anayeishi na mama sasa. Wakati wa pengo hilo pia nilitunza daftari la mayai ya chama chetu, trei zilizoingia na zilizotoka kila siku. Nilitaje?

Mzee wa Njoro
Litaje, ulibebe, lakini usiliite ajira.

Dada wa Kondele
Nimeelewa. Ila kuutaja ugonjwa wa mama kwa jina mbele ya wageni, hilo bado sijaamua.