Kichwa na mabega: shingo imevunjika, bei imeshuka, bado nimepigwa SL. Nimekosea wapi?

Kijana wa Tegeta

Wakuu, habari za jioni. Nina mwaka mmoja na nusu kwenye foreksi, ila akaunti halisi ni miezi mitano tu, kwa hiyo mnisamehe nikiuliza vya kitoto.

Ilikuwa EURUSD, H1. Bei ilikuwa imepanda siku kadhaa mfululizo. Ikafanya bega la kushoto 1.0880, ikarudi chini hadi 1.0840, ikapanda kufanya kichwa 1.0920, ikashuka hadi 1.0850, kisha bega la kulia likaishia 1.0888. Nikaunganisha yale mabonde mawili, mstari wa shingo ukatoka umeinuka kidogo upande wa kulia. Sikukurupuka. Nilisubiri mshumaa ufunge chini ya shingo, ukafunga 1.0856, nikauza loti 0.05. SL nikaiweka 1.0893, juu kidogo ya bega la kulia.

Kwenye TP nilifuata nilivyofundishwa: pima kichwa hadi shingo, kisha shusha urefu huohuo. 1.0920 kutoa 1.0840 ni pipsi 80, nikazishusha kutoka 1.0840, TP ikawa 1.0760.

Kesho yake bei ikafika 1.0782. Nina dola 37 za faida, natazama tu, nimekataa hata kwenda kula. Ikageuka. Siku mbili baadaye nikapigwa SL, dola 18.50 zikaondoka. Je, paterni ilifeli, au mimi ndiye niliyepima vibaya?

Bin Shomari

Kosa ni SL, mkuu. Juu ya bega la kulia ndipo kila mtu anapoweka, na hao mabroka wanajua. Weka juu ya kichwa, 1.0925, ulale usingizi.

Msafiri wa Kibiti

Nimefungua uzi nikidhani ni maumivu ya shingo na mabega, maana yangu yana wiki ya tatu. Nawapisha wenye hela zenu.

Fundi Chati

Kijana, umeeleza vizuri, namba zako zote zipo, kwa hiyo tunaweza kuhesabu badala ya kubishana.

Kwanza ule urefu. Shingo yako imeinuka, maana yake haina bei moja. Bonde la kushoto ni 1.0840, la kulia ni 1.0850, na katikati mstari unapita kwenye bei za kati. Unachopima ni umbali wa wima kutoka ncha ya kichwa hadi pale mstari unapopita chini yake moja kwa moja. Wewe umepima hadi kwenye bonde la kushoto, ambalo haliko chini ya kichwa. Tuseme kichwa kilikuwa katikati ya mabonde, basi chini yake mstari ulikuwa 1.0845. Urefu ni pipsi 75, si 80.

Hilo ni kosa dogo. Kubwa ni mahali ulipoanzia kushusha. Urefu unashushwa kutoka pale bei ilipovunja mstari. Kama kutoka bonde hadi bonde kulikuwa na mishumaa 20, mstari wako ulikuwa unapanda nusu pipsi kwa kila mshumaa. Kwa namba zako nakisia bei iliuvunja mishumaa 20 hivi baada ya bonde la kulia. Pale mstari ulikuwa umefika 1.0860. Toa pipsi 75, unapata 1.0785.

Bei ilifika 1.0782.

Kwa hiyo paterni ilitimiza kipimo chake, wewe ulikuwa unasubiri pipsi 25 ambazo haikuziahidi. Na hata 1.0785 ungeipata chupuchupu. Oda ya kuuza inafungwa kwa bei ya Ask, wakati chati uliyonayo, usipobadilisha kitu, inachora Bid. Spredi ikiwa pipsi 1.2, Bid lazima ishuke hadi 1.07838 ndipo TP ya 1.0785 iguswe. Ndiyo maana mimi TP ya kuuza huipandisha pipsi mbili tatu juu ya hesabu. Jambo hilohilo linaihusu SL yako, ila kwa upande wa maumivu: inaguswa na Ask kabla hujaiona kwenye chati. Usiku wa manane, New York wakifunga siku, spredi hutanuka, na watu hulalamika kuwa wamepigwa SL bei ambayo "haikufika".

Bin Shomari, uko sahihi kwamba SL iliyobanwa juu ya bega inapigwa kirahisi. Lakini ukiipeleka 1.0925, mtu aliyeingia 1.0856 anahatarisha pipsi 69 akitafuta 71. Hapo bora asiingie.

Kijana wa Tegeta

Aisee. Kumbe bei ilipita pale pale. Swali dogo, kaka Fundi: huo umbali wa wima unaupimaje kwenye simu? Mimi huwa nakadiria kwa macho.

Fundi Chati

Azima kompyuta siku ya kuchora. Kwenye MT4 bonyeza `Ctrl+F`, mshale unakuwa msalaba, kisha shikilia kwenye ncha ya kichwa na uvute chini hadi kwenye mstari. Zitatokea namba tatu: idadi ya mishumaa, pointi, na bei. Ya kwanza ibaki 0, ikionyesha 3 au 4 ujue umeuvuta kimshazari. Ya pili itasoma 750 kama broka wako ana tarakimu tano, hizo ni pipsi 75. Nimeshaona mtu akiweka TP pipsi 750 kwa sababu ya hiyo sifuri.

Mama Pipsi

Mdogo wangu, wewe angalau ulisubiri mshumaa ufunge. Mimi nilikuwa na kichwa na mabega yaliyopinduliwa kwenye dhahabu, H4, shingo imelala 2,350, bega la kulia 2,331. Nzuri kama imechorwa na mwalimu. Nikatega `Buy Stop` 2,352 nikaenda zangu sokoni. Ilikuwa Ijumaa ya ajira za Marekani, saa tisa na nusu alasiri habari zikatoka. Bei ikaruka hadi 2,358, oda ikafunguka, tena si 2,352 bali 2,354, maana soko lilikuwa linakimbia. Mshumaa ukaja kufunga 2,344. Kilichobaki juu ya shingo ni utambi tu.

Nikasema itarudi. Jumatatu ikavunja 2,331, na kuanzia hapo ilianguka kwa kasi kuliko kitu chochote ndani ya lile umbo. Wote tuliotega pale tulikuwa tunatoka kwa mpigo.

Fundi Chati

Dada, hapo umegusa jambo ambalo watu hawalisemi. Umbo likishafeli namna hiyo, upande wa pili huwa unakimbia, kwa sababu SL za walioingia ndizo zinazousukuma. Alama yangu ni bega la kulia. Bei ikirudi kugusa shingo kisha ikaendelea, hiyo ni kawaida, wala siogopi. Ikirudi ikafunga ng'ambo ya shingo, nakaa macho. Ikifunga ng'ambo ya bega la kulia bila kufika kwenye kipimo, umbo limekufa, na sibaki hata dakika moja kulitetea.

Mbishi wa Takwimu

Naomba niwaharibie sherehe. Mwaka 1995 Osler na Chang, kwenye ripoti iliyotolewa na tawi la New York la Benki Kuu ya Marekani, waliiandikia kompyuta kanuni za umbo hili wakalijaribu kwa sarafu sita dhidi ya dola, data za kila siku kuanzia 1973 hadi 1994. Lilileta faida kwenye mark ya Ujerumani na yeni. Kwenye dola ya Kanada, faranga ya Uswisi, faranga ya Ufaransa na pauni, halikuleta. Mark yenyewe haipo tena. Sasa ninyi mko kwenye H1, mnahesabu pipsi tatu. Kijana kupatia 1.0785 kunaweza kuwa bahati tu.

Fundi Chati

Inaweza, sikatai. Mfano mmoja hauthibitishi kitu. Ila hata kama umbo lina nguvu ndogo, mtu akilipima vibaya hatajua kamwe kama lina nguvu au halina, maana anachojaribu ni kitu kingine.

Ali wa Bandarini

Kutoka Mombasa, ndugu zanguni. Mimi shingo iliyoinama siichori kabisa. Nachukua bonde la kulia, navuta mstari uliolala, basi. Kwa Kijana ingekuwa 1.0850, urefu pipsi 70, TP 1.0780. Mtu haingii mapema hivyo, na hakuna kubahatisha mstari unapita wapi.

Mama Pipsi

Kaka Ali, bei iligeuka 1.0782. Ungekosa kwa pipsi mbili na spredi juu yake.

Ali wa Bandarini

Haki ya Mungu, nimeona baada ya kutuma 😅 Lakini shingo ikiinamia chini sana kulia mtafanyaje? Bei inaweza kushuka siku nzima na mstari unaikimbia.

Fundi Chati

Hapo nakubaliana nawe, mimi pia hutumia bonde la kulia. Shingo ikiinuka natumia mstari. Wapo wanaokataa kuchanganya hivyo, na hoja yao ina uzito.

Kijana wa Tegeta

Nina nyingine, hii sikuingia ila nimeihifadhi. GBPJPY, M30. Mabega yanalingana vizuri, kichwa kiko wazi, shingo imelala, mshumaa umefunga chini. Ikashuka robo tu ya kipimo ikarudi juu. Hapa nimepima kama mlivyosema, pipsi 60 kamili.

Fundi Chati

Kabla ya bega la kushoto kulikuwa na nini?

Kijana wa Tegeta

Ilikuwa inaenda juu na chini, wiki nzima kati ya pipsi 90 hivi.

Fundi Chati

Basi jibu unalo. Umbo hili ni la kugeuza mwenendo wa kupanda, wanunuzi waliojaa huko chini ndio wanaouza bei ikivunja shingo. Kwako hapakuwa na kupanda, kulikuwa na bei inayorandaranda ndani ya boksi. Matuta matatu kwenye boksi utayaona kila wiki ukiyatafuta. Halafu fungua H4 uniambie: chini ya boksi ilikuwa wapi ukilinganisha na TP yako?

Kijana wa Tegeta

Chini ya boksi iko pipsi 15 chini ya shingo. TP ilikuwa pipsi 45 chini ya hapo.

Mama Pipsi

Na ikageukia pipsi 15. Mdogo wangu, hiyo hukuingia kwa akili au kwa kukosa salio?

Kijana wa Tegeta

Salio, dada.