Naomba ushauri: namba za Wikidata zinaniangusha baharini

Habari wakuu. Nachukua majiranukta ya Mnara wa Eiffel kutoka Wikidata, sifa ya P625. Ukurasani latitudo inatangulia, lakini hoja ya SPARQL inaleta longitudo kwanza (nimefupisha desimali):

```
Point(2.2945 48.8584)
```

Nikibandika zilivyo kwenye OpenStreetMap, natua Bahari ya Hindi, mashariki ya Mogadishu. Nikigeuza, 48.8584, 2.2945, pini inakaa Paris, mnarani penyewe.

Hapo bahari imenishtua mapema. Ila nina orodha ndefu, na namba zote mbili zikiwa chini ya 90, ramani inazikubali kimyakimya hata zikipinduka. Kuzikagua zote kwa pamoja, mnatumia njia gani? Nafikiria kulinganisha kila nukta na mipaka ya nchi yake. Inatosha?