Nimejaza fomu ya kuachia mwili wangu chuo cha udaktari. Familia inaweza kuizuia nikishakufa?

MamaMtori: Habari zenu wana jukwaa. Nina miaka 61, niko Uingereza mwaka wa 22 huu. Nimeamua nikifa mwili wangu uende chuo cha udaktari, wanafunzi wajifunzie. Fomu nimejaza na kusaini, jirani yangu kasaini kama shahidi, na chuo kimenijibu kwamba kimenikubali. Nauliza jambo moja tu: ndugu wanaweza kupinga? Anayeijua sheria ya huku anisaidie, usingizi sipati.

Kijana_wa_Reading: Shikamoo mama. Lala usingizi. Tangu Mei 2020 hapa England kila mtu mzima anahesabiwa kuwa mchangiaji, ila aliyejiandikisha kukataa. Hiyo fomu hata hukuihitaji. Ndugu hawana la kusema.

BabaOchi: Nyie mmesahau ya S.M. Otieno? Wakili mkubwa wa Nairobi, alifariki Desemba 1986. Mjane akasema mume wangu alitaka kuzikwa Matasia, shambani kwetu. Ukoo wa Umira Kager ukasema anazikwa kwao. Walishtakiana miezi mitano maiti ikiwa mochwari, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga. Nilikuwa darasa la sita, baba alikuwa akinunua gazeti kila asubuhi kwa ajili ya kesi ile tu. Alichotaka marehemu hakikusaidia kitu.

Nesi_Zamu_ya_Usiku: Kijana wa Reading, umechanganya mambo mawili. Sheria ya 2020 inahusu viungo vya kupandikiza: figo, ini, moyo. Mwili wa kufundishia hauko humo. Huo, kwa sheria ya 2004, unataka maandishi ya mwenyewe, yaliyosainiwa akiwa hai mbele ya shahidi. Mume hawezi kukuidhinishia, mtoto hawezi, hata uliyempa mamlaka ya kusimamia mambo yako hawezi. Na BabaOchi, kesi ile ni ya Kenya na ilihusu mazishi.

Hata kwenye viungo, si kweli kwamba ndugu hawana la kusema. Nimekuwa wodi ya wagonjwa mahututi miaka tisa. Muuguzi wa uchangiaji hukaa na familia chumba cha pembeni, anawauliza marehemu aliugua nini, alisafiri wapi, aliishije. Bila majibu hayo kiungo hakiwezi kutolewa kwa usalama. Familia ikisimama ikalia na kukataa, sijaona daktari akiwapita kwa nguvu.

Mama, nikuulize. Siku ile nani atakayepiga simu chuoni?

MamaMtori: Mwanangu wa kiume, yuko Birmingham. Jina lake ndilo nililoandika.

Nesi_Zamu_ya_Usiku: Anajua?

Mchungaji_Mstaafu: Dada yangu, mwili ni hekalu. Tafakari kwanza kabla ya kuukabidhi kwa visu vya wanafunzi. Nakuombea.

MamaMtori: Baba mchungaji asante, nimetafakari miaka miwili.

Nesi, hajui. Hakuna anayejua. Ndugu zangu, basi niseme yote. Mimi ni mjane. Mume wangu amelala kihambani kwetu Marangu, chini ya migomba, na pembeni yake wameniachia nafasi, imeshasakafiwa kwa saruji. Shemeji zangu kila nikienda likizo wananionyesha. Na mwanangu ndiye mweka hazina wa chama chetu cha kusafirisha miili nyumbani, ananilipia mchango wangu kila mwezi.

Ila nimeshajipanga. Fomu iko kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda, pamoja na barua nimemwandikia. Akija kupanga vitu vyangu ataisoma na ataelewa. Sitaki kumuumiza nikiwa hai.

Kijana_wa_Reading: Mama, hapo sasa! Unamfichaje mtu ambaye ndiye utamtegemea?

DadaTumaini: Mimi wifi yangu alificha deni la nyumba hivyo hivyo. Tulilijua siku ya arobaini.

Nesi_Zamu_ya_Usiku: Mama, mkebe unafunguliwa lini? Baada ya mazishi. Chuo kinataka simu mara tu baada ya kifo, kwa sababu mwili usipotiwa dawa ndani ya siku chache haufai tena. Mwanao atakapoisoma hiyo barua utakuwa umeshafika Kilimanjaro, na yeye atabaki na kilio cha pili, kwamba hakutimiza neno la mama yake.

Sheria iko hivi: ulivyosaini ni halali na ndugu hawana haki ya kuitangua. Lakini hakuna sheria inayokilazimisha chuo kuchukua mwili. Wakisikia familia inapinga, mara nyingi wanarudi nyuma. Hawatatuma gari mlangoni kumnyang'anya mtu maiti ya mama yake.

MtuWaMakorora: Samahani, mimi huu uzi siuamini. Kwanza chuo hakimkubali mtu aliye hai. Shangazi yangu alijiandikisha, najua. Pili, mjane wa Kichagga na kihamba na saruji, ni kama tamthilia. Mtu anatunga hapa ili tutoane macho kuhusu mila.

BabaOchi: Hata mimi nilianza kujiuliza. Mtu anafikaje tu kwenye wazo kama hilo?

MamaMtori: Nilifagia jengo la chuo cha udaktari miaka 11, zamu ya saa kumi na moja alfajiri. Chumba chenyewe cha miili sikuruhusiwa kuingia. Kazi yangu ilikuwa korido na chumba cha kuvalia, ambako makoti meupe yalitundikwa yakinuka dawa ile inayochoma pua. Siku moja nilimkuta binti mmoja amekaa sakafuni analia. Akaniambia leo tumemaliza, sikuwahi kujua jina lake, ila mikono yake naijua kuliko ya bibi yangu. Nilikaa naye mpaka akatulia. Hapo ndipo nilipofika kwenye wazo kama hilo.

Na wewe wa Makorora, nimeutoa mkebe sasa hivi nikaisoma barua ya chuo tena. Umesema kweli. Imeandikwa wamepokea fomu yangu na kuitunza. Neno "tumekubali" halimo. Nililiweka mimi.

MtuWaMakorora: Nisamehe mama. Shangazi alifariki wakati wa Krismasi, chuo kimefungwa. Tukahangaika siku tatu, mwisho tukamzika. Hatukuwa na mpango wowote wa pili, wala hela.

Nesi_Zamu_ya_Usiku: Ndiyo, uamuzi unafanyika siku ya kifo. Mwili ukifanyiwa uchunguzi wa chanzo cha kifo wanakataa. Ukiwa na maambukizi fulani, au uzito mkubwa sana, wanakataa. Ukitoa figo au ini wanakataa pia, isipokuwa macho peke yake. Ukifia likizoni Marangu ndiyo hadithi imeisha. Kwa hiyo usijitoe kwenye chama cha mwanao. Mpe nakala ya fomu na namba ya simu ya chuo. Kama kuna shemeji wa kumwambia, amwambie yeye, wewe ukiwepo.

MamaMtori: Na wakimaliza, wananifanya nini?

Nesi_Zamu_ya_Usiku: Wanaweza kukaa na mwili hadi miaka mitatu hivi. Kisha wanauchoma, kwa kawaida kwa gharama zao, na ukiwa umeomba kwenye fomu, majivu wanapewa familia.

MamaMtori: Majivu yanaweza kupelekwa Marangu? Pale pembeni yake?

Nesi_Zamu_ya_Usiku: Kusafirisha inawezekana, kuna hati zake. Wazee kukubali, hilo silijui mama.

Mchungaji_Mstaafu: Hawatakubali. Ila kuuliza si kosa.

MamaMtori: Mwanangu anakuja Jumapili, ameagiza mtori. Nitaanza na hilo la majivu.