Naomba ushauri: sekta gani inakua kweli hapa Arusha?

Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu anaanza VETA, amebaki kati ya umeme wa majumbani na mapishi ya hoteli, nami nimepewa kazi ya kuangalia ajira ziko wapi.

Nilianza na Utafiti wa Nguvukazi wa NBS wa 2020/21. Tatizo, ulifanyika korona ikiwa imeshaangusha utalii, kwa hiyo nahofia hoteli zinaonekana dhaifu kuliko zilivyo leo. Nikahamia habari za uwekezaji. Huko wanataja miradi iliyosajiliwa na ajira "zinazotarajiwa". Mmoja nilienda kuuona mwenyewe njia ya Njiro: ukuta, geti, mlinzi mmoja, na mahindi yamestawi ndani! Uwanja wa AFCON 2027 nao ni kazi kwa mafundi, ila ujenzi ukiisha wengi wanarudi kijiweni.

Naombeni msaada kwa mawili tu. Mradi uliosajiliwa nitajuaje umeshaanza kuajiri, bila kwenda kuchungulia kila geti? Na je, idadi ya wanachama wapya wa NSSF kwa mkoa na sekta inapatikana kwa mwananchi wa kawaida?