Nimehamisha Documents kwenda D, programu ya mauzo imenifungulia duka tupu!!

mwenye_duka:
Wakuu nimeandika hii nikiwa na hasira kweli. Laptopu ya dukani ina SSD ya GB 128 na hard disk ya pili ya TB 1, C imejaa mpaka ule mstari mwekundu, D tupu kabisa. Jumamosi usiku nikafanya vile inavyotakiwa, sikukata na kupesti: nikabofya Documents kulia, Properties, Location, Move, nikachagua D:\Documents, nikabonyeza Apply, ikauliza kama ihamishe na mafaili yaliyopo nikasema Yes. Dakika arobaini imemaliza, hakuna kosa hata moja, Word inafungua fresh.

Jumatatu kijana wa kaunta anawasha programu ya mauzo inamwambia atengeneze duka jipya. Stoku hakuna, madeni ya wateja hakuna. Na yeye bila kuniuliza akatengeneza, akauza siku mbili!! Nampigia aliyeniuzia programu ananijibu "bosi hukutakiwa kuhamisha Documents". Sasa kitufe cha Move kimewekwa cha nini? Na mbona hakusema siku anachukua hela yangu?

kaka_wa_mtaa:
Pole mkuu. Futa temp na uondoe magemu, C itapumua tu.

mwenye_duka:
Ndugu yangu soma vizuri, C ishapumua, data ndio sizioni.

jirani_wa_keyboard:
Programu bado inatafuta kule kule C. Chukua D:\Documents tengeneza shortcut, iweke mahali folda ya zamani ilipokuwa, kwisha habari.

bibi_seva:
Jirani chanzo umekipata ila dawa siyo. Shortcut ni kifaili cha .lnk, wewe ukikibofya kinakupeleka, programu ikitafuta folda inaona kifaili tu na inapita.

Mwenye duka, Windows haikukosea. Ulipobonyeza Apply iliandika anwani mpya, na programu iliyoandikwa kwa adabu inaiuliza Windows "Documents iko wapi?" ndo maana Word haikusumbuka. Aliyetengeneza hiyo yako kaandika njia nzima kwa mkono, C:\Users\ na kuendelea, na ilipokuta folda haipo ikajiundia nyingine. Hebu angalia, nadhani una mbili.

mwenye_duka:
Dada uko sahihi kabisa! C:\Users\Duka\Documents imerudi, ndani ina folda moja tu ya Mauzo, mauzo.db ina KB 96. Ya D ina MB 410. Yaani data yangu ilikuwepo muda wote na mimi sijalala siku mbili!

bibi_seva:
Usifute hata moja. Kopi zote mbili kwenye flashi kwanza. Halafu funga programu kabisa, fungua cmd (siyo PowerShell, mklink haipo kule):

```
ren "C:\Users\Duka\Documents" Documents_zamani
mklink /J "C:\Users\Duka\Documents" "D:\Documents"
```

Huo mstari wa kwanza usiuruke. Folda ikiwa bado ina jina lile, mklink inagoma inasema "Cannot create a file when that file already exists". Ukimaliza, programu itadhani iko C kumbe inaandika D. Windows yenyewe inatumia ujanja huu, ndani ya folda yako ya Users kuna "My Documents" iliyofichwa inayoelekeza Documents, kwa ajili ya programu za zamani. Hakiki hivi:

```
dir /AL "C:\Users\Duka"
```

Uone <JUNCTION> na pembeni yake [D:\Documents].

mzee_wa_flashi:
Mimi nilihamishia kwenye hard disk ya nje, siku nyingine nikachomeka ikajiita E badala ya D, Documents yote "Location is not available". Nikaingia Disk Management nikairudishia herufi D.

msomaji_tu:
Na sisi wa OneDrive? Documents yangu iko C:\Users\...\OneDrive\Documents.

bibi_seva:
Hapo zima kwanza bakapu ya Documents kwenye setingi za OneDrive, uhakikishe mafaili yamerudi kwenye folda ya kawaida ndo uhamishe. Ukiyachanganya zitavutana.

mwenye_duka:
Imekubali!! "Junction created", programu imefunguka na madeni yote. Asante sana dada, Mungu akuzidishie.

Ila hasira haijaisha. Mauzo ya zile siku mbili yamebaki kwenye ile ya KB 96, na ndani yake kuna mteja kalipa deni la laki tatu, huku anasomeka bado anadaiwa. Nimemuuliza muuzaji jinsi ya kuunganisha anasema haiwezekani. Kuna njia?

bibi_seva:
Bila kujua ndani ya hiyo db kukoje sitakudanganya. Fungua ile ya KB 96 kwenye kompyuta nyingine yenye hiyo programu, print ripoti, mwingize moja moja.

jirani_wa_keyboard:
Kopi na kupesti db juu ya nyingine si inajiunga?

bibi_seva:
HAPANA jirani. Itafuta ya MB 410 yote. Mwenye duka usimsikilize.

mwenye_duka:
Kijana yuko na daftari la risiti hapa, tunaanza na yule wa laki tatu.